Mshale unaanzia wapi: chai ya moto, saratani ya umio na slaidi mbili zinazofanana

Mwanafunzi mmoja wa afya ya jamii hapa Moshi aliniletea slaidi zake za epidemiolojia wiki mbili kabla ya kuwasilisha pendekezo la utafiti. Slaidi mbili alizikunja pembe. Ya kwanza ilikuwa ya utafiti wa kohoti, yaani kundi la watu wanaofuatiliwa. Ya pili ilikuwa ya utafiti wa wagonjwa na walinganishi. Kila moja ilikuwa na mshale mmoja mrefu na, chini yake, jedwali la vyumba vinne vyenye herufi a, b, c na d. "Mwalimu," akaniambia, "majedwali haya ni yale yale. Sasa tofauti iko wapi, na kwa nini hesabu zake haziruhusiwi kubadilishana?"

Swali lake ni zuri kuliko slaidi zenyewe. Nitalijibu kwa mfano unaotuhusu watu wa Kilimanjaro, nao ni saratani ya umio, ile njia inayopeleka chakula tumboni. Wengi huiita saratani ya koo. Mgonjwa huanza kwa kukwamwa na ugali, baadaye hata uji humshinda. Ugonjwa huu umejikita kwenye ukanda wa mashariki ya Afrika unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi. Moja ya mambo yanayoshukiwa ni joto la vinywaji. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Watafiti waliopima chai ya watu wa Kilimanjaro kwa kipimajoto walikuta mkupuo wa kwanza ukiwa na wastani unaozidi nyuzi 70. Chai ya maziwa ilipoa polepole kuliko chai ya rangi, na wanywaji wake waliinywa ikiwa moto zaidi.

Swali la utafiti basi ni hili: je, anayekunywa chai ya moto sana yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya umio kuliko anayeiacha ipoe?

Tuchukue mji wa kubuni wenye watu wazima 100,000. Namba zote za mji huu ni zangu, nimezipanga ili hesabu iwe nyepesi. Watu 40,000 hunywa chai ikiwa moto sana, 60,000 huipooza kwanza. Baada ya miaka 10, wanywaji wa moto 120 wamepata saratani ya umio, na kati ya wanaopooza wamepata 90.

Utafiti wa kohoti huanzia kwenye kikombe. Unawakusanya watu wakiwa bado wazima, unawauliza au kuwapima wanavyokunywa chai, unawaweka kwenye makundi mawili, kisha unasubiri na kuhesabu. Hatari ya wanywaji wa moto ni 120 kati ya 40,000, yaani watu 3 kwa kila 1,000 katika miaka 10. Hatari ya wanaopooza ni 90 kati ya 60,000, yaani mtu mmoja na nusu kwa kila 1,000. Ukigawanya 3 kwa 1.5 unapata 2. Huo ndio uwiano wa hatari. Pamoja nao unapata kitu kingine chenye thamani, nacho ni ukubwa wa hatari yenyewe: unaweza kumwambia mtu kwamba hata akinywa moto, uwezekano wake wa kuugua katika miaka hiyo kumi ni watu watatu katika elfu. Uwiano pekee usingemwambia hilo.

Utafiti wa wagonjwa na walinganishi huanzia kitandani. Unawachukua wale 210 ambao tayari wameugua na kuwauliza walikuwa wakinywaje chai. Kisha unachagua watu wengine 210 wasio na ugonjwa, wa mji ule ule, na kuwauliza swali lile lile. Kwa kuwa asilimia 40 ya mji hunywa moto, kati ya walinganishi hao tutapata 84 wanaokunywa moto na 126 wanaopooza. Ugonjwa ni wa nadra kiasi kwamba kuwaondoa wagonjwa 210 kati ya watu 100,000 hakubadilishi ile asilimia 40. Shika jambo hilo, nitalirudia.

```
                 Wagonjwa   Walinganishi
Chai ya moto        120           84
Chai iliyopozwa      90          126
```

Hapa ndipo jedwali linapomponza msomaji. Mwanafunzi wangu alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: akausoma mstari wa kwanza kutoka kushoto kwenda kulia. Wanywaji wa moto jumla 204, waliougua 120, kwa hiyo hatari ni asilimia 59. Mstari wa pili jumla 216, waliougua 90, hatari asilimia 42. Akagawanya akapata 1.4.

Nilimwomba ajaribu tena, ila safari hii atafute walinganishi mara mbili, yaani 420. Asilimia 40 yao ni 168, wanaobaki ni 252. Akarudia hesabu ile ile: 120 kati ya 288 ni asilimia 42, na 90 kati ya 342 ni asilimia 26. Uwiano sasa ukawa 1.6. Mji ni ule ule, chai ni ile ile, wagonjwa ni wale wale, lakini "hatari" imebadilika kwa sababu mtafiti aliamua kuajiri wasaili zaidi. Hatari ya kweli haiwezi kutegemea bajeti yako. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe idadi ya watu wasiougua nimeichagua mimi mwenyewe."

Ndiyo hivyo. Kwenye kohoti, ugonjwa ndio unaoamua nani aangukie chumba gani. Kwenye wagonjwa na walinganishi, wewe ndiye uliyeamua kwamba nusu ya washiriki wako wawe wagonjwa, wakati mjini wagonjwa ni wawili tu kwa kila elfu. Jumla ya mstari haina maana yoyote nje ya daftari lako. Kilicho halali ni kusoma jedwali kutoka juu kwenda chini: miongoni mwa wagonjwa, wanaokunywa moto ni wangapi kwa kila mmoja anayepooza? Ni 120 kwa 90, yaani 1.33. Miongoni mwa walinganishi? 84 kwa 126, yaani 0.67. Kila moja ya namba hizo huitwa odi, na ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata uwiano wa odi:

```
(120 × 126) ÷ (90 × 84) = 2
```

Weka walinganishi 420 badala ya 210, jibu linabaki 2. Nalo ni sawa na uwiano wa hatari tulioupata kwa kuwafuatilia watu 100,000 kwa miaka 10, ingawa safari hii tumezungumza na watu 420 tu. Sababu ni ile niliyokuomba uishike: ugonjwa ukiwa nadra, walinganishi wanatuonyesha mji mzima unavyokunywa chai, na hivyo odi zao zinasimama mahali pa zile 40,000 na 60,000 za kohoti.

Kwa hiyo kazi yote ya walinganishi ni moja, kusimama badala ya mji. Slaidi nyingi husema walinganishi ni "watu wasio na ugonjwa" na kuishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi, na nadhani ndiyo chanzo cha tafiti nyingi za wanafunzi kuharibika. Swali la kujiuliza mbele ya kila mlinganishi ni hili: huyu angeugua saratani ya umio, angefika hospitali hii na kuingia kwenye orodha yangu ya wagonjwa? Kama jibu ni hapana, hatoki kwenye mji uliowatoa wagonjwa wako.

Ona inavyoweza kwenda mrama. Tuseme unaona uvivu kuzunguka wodi, unawachukua ndugu waliomleta mgonjwa. Wapo pale benchi, ni wazima, na wako tayari kuzungumza. Lakini hao wamekunywa chai ya birika moja na mgonjwa maisha yao yote. Badala ya asilimia 40, labda nusu yao wanakunywa moto: 105 kwa 105. Odi yao ni 1, na uwiano unashuka kutoka 2 hadi 1.3. Umeificha hatari iliyopo.

Sasa tuseme umewachukua wagonjwa wa vidonda vya tumbo kutoka kliniki ya jirani. Wengi wao wameshaacha vinywaji vya moto kwa sababu vinawachoma. Ni asilimia 30 tu wanaokunywa moto: 63 kwa 147. Odi yao ni 0.43, na uwiano unapaa hadi 3.1. Umeikuza hatari. Mara zote mbili hesabu ya kompyuta itatoka safi kabisa, bila onyo lolote, kwa sababu kosa haliko kwenye hesabu. Njia ya kulitambua ni kuwalinganisha walinganishi wako na kipimo cha nje: kama kuna utafiti wa kaya ulioonyesha watu wa eneo hilo wanavyokunywa chai, na walinganishi wako wako mbali nao, rudi ukaangalie ulikowatoa.

Kuna na suala la umbali. Hospitali ya rufaa kama KCMC hupokea wagonjwa kutoka Same, Rombo, Arusha, Manyara na hata Tanga. Ukiwachukua walinganishi wote mitaa ya Majengo na Pasua kwa kuwa wako karibu, umewalinganisha watu wa vijijini na watu wa mjini, na tofauti utakayoiona huenda ni ya maisha ya mjini, si ya chai. Ndiyo maana tafiti za namna hii mara nyingi huwachukua wagonjwa wa hospitali ile ile wenye magonjwa yasiyohusiana na kihatarishi kinachochunguzwa, kwa mfano waliovunjika mguu, na kuwaoanisha na wagonjwa kwa umri na jinsia.

Tatizo la pili la kuanzia kitandani ni kumbukumbu, na kwa saratani ya umio lina sura ya pekee. Mgonjwa ambaye chakula kinamkwama ameshabadili ulaji wake miezi kadhaa kabla ya kufika hospitali. Anapooza chai kwa sababu ya moto inamuumiza. Ukimuuliza "Unakunywaje chai?" atakujibu ukweli mtupu: "Naipooza." Utamwandika upande wa wanaopooza, na ugonjwa wenyewe utakuwa umefuta alama za kilichousababisha. Swali lazima limrudishe nyuma ya dalili: "Mama, kabla chakula hakijaanza kukukwama, ukimiminiwa chai ulikuwa unasubiri au unaanza kunywa hapo hapo? Ulikuwa unaungua ulimi mara ngapi?" Walinganishi nao waulizwe kuhusu kipindi kile kile cha nyuma. Kuna mwelekeo wa kinyume pia: mgonjwa aliyekwisha kusikia redioni kwamba chai ya moto inaleta saratani atakumbuka moto zaidi ya mlinganishi ambaye hana sababu ya kujichunguza. Makosa haya mawili hayafutani, na huwezi kujua ni lipi lililokuzidi.

Kohoti inayakwepa yote mawili, kwa sababu jibu huandikwa kabla ugonjwa haujaingia. Mfano mkubwa kwa chai uko mkoa wa Golestan, kaskazini mashariki mwa Iran, ambako saratani hii pia ni nyingi. Kati ya 2004 na 2008 waliandikishwa watu 50,045 wenye umri wa miaka 40 hadi 75. Wasaili hawakuridhika na maneno "moto" na "vuguvugu". Walitengeneza chai mbele ya mshiriki, wakaipima, na kwenye nyuzi 75 wakamwuliza kama hivyo ndivyo anavyoinywa. Kama sivyo, walisubiri ipoe nyuzi 5 nyingine wakamwuliza tena. Baada ya ufuatiliaji wa miaka 10 hivi, watu 317 walikuwa wameugua saratani ya umio ya aina inayohusishwa na joto. Walioinywa ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, na kwa wingi wa angalau mililita 700 kwa siku, walikuwa na hatari iliyozidi kwa karibu asilimia 90 kuliko walioinywa kidogo na ikiwa imepoa.

Sasa itazame bei. Watu elfu hamsini, miaka kumi, kwenye moja ya maeneo yenye saratani hii nyingi kuliko karibu kote duniani, na wagonjwa ni 317. Katika mji wetu wa kubuni, mwanafunzi akiandikisha watu 1,000 na kuwafuata kwa miaka miwili, asitegemee hata mgonjwa mmoja. Ndiyo sababu utafiti wa ESCCAPE uliochunguza vihatarishi vya saratani ya umio Kenya, Tanzania na Malawi, Moshi ikiwa kituo kimojawapo, ulitumia wagonjwa na walinganishi. Ugonjwa wa nadra unaochukua miaka mingi kujitokeza hauwezi kungojwa na mtu mwenye ruzuku ya miaka mitatu.

Kohoti ina kidonda chake pia, nacho ni kupotea kwa watu. Mtu aliyeandikishwa Kibosho akiwa na miaka 42 anahamia Dar es Salaam, anabadili namba ya simu, anafia huko bila kipimo. Wakipotea kwa usawa, unapunguza tu nguvu ya utafiti. Wakipotea zaidi wagonjwa wa kundi moja, uwiano unapinda. Ningekuwa naendesha kohoti Uchagani ningepanga mzunguko wa ufuatiliaji katikati ya Desemba, watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Wiki mbili hizo zinaweza kukuonyesha watu ambao simu za mwaka mzima hazikuwapata.

Nirudi kwenye mshale, maana bado haujanyooka. Slaidi zilimfundisha mwanafunzi kwamba kohoti huenda mbele na wagonjwa na walinganishi huenda nyuma. Si kweli daima. Kuna kohoti inayofanywa kwa makabrasha ya zamani, ambapo kila kitu kimeshatokea kabla mtafiti hajaingia ofisini. Inabaki kuwa kohoti kwa sababu umewapanga watu kwa kihatarishi kwanza, ndipo ukafungua ukurasa wa matokeo. Kinachozitenganisha ni mlango uliowaingiza watu kwenye utafiti. Kalenda haina neno hapo.

Mlango huo pia ndio unaokuambia lini uchague ipi. Ugonjwa ukiwa nadra, ingilia kwa ugonjwa. Kihatarishi kikiwa nadra, ingilia kwa kihatarishi. Chukua vumbi la migodi ya tanzanaiti ya Mirerani. Ukiwakusanya wagonjwa wa kifua kikuu 200 Moshi mjini na kuwauliza kama waliwahi kuchimba, huenda ukapata watatu, na kwa upande wa walinganishi mmoja. Huwezi kuhitimisha chochote kwa namba hizo. Lakini ukienda Mirerani kwenyewe, ukaandikisha wachimbaji 500 na watu 500 wa eneo hilo wasioingia shimoni, kihatarishi kimejaa mikononi mwako, na kundi hilo hilo litakujibu kuhusu kifua kikuu, ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi, na majeraha, bila kuanza upya.

Pendekezo la mwanafunzi wangu lilihusu jambo jingine kabisa: upungufu wa damu kwa wajawazito na watoto wanaozaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Alikuwa ameandika "wagonjwa na walinganishi" kwa sababu alisikia ni nafuu. Tukalipima swali lake. Matokeo si nadra, na yanakuja ndani ya miezi, si miaka. Kihatarishi kinapimwa na kuandikwa kwenye kadi ya kliniki mama anapohudhuria, muda mrefu kabla mtu yeyote hajajua uzito wa mtoto. Hapo kumbukumbu haina nafasi ya kudanganya.

Zaidi ya hayo, uwiano wa odi ungempotosha. Tuseme, kwa mfano tu, mama 30 kati ya 100 wenye upungufu wa damu wanajifungua watoto wenye uzito mdogo, na 15 kati ya 100 wasio nao. Hatari ni mara 2. Lakini odi ni 30 kwa 70 na 15 kwa 85, na uwiano wake ni 2.4. Ule ukaribu tuliouona kwenye saratani umevunjika kwa sababu matokeo ni ya kawaida: ukiwaondoa walioathirika, wanaobaki hawafanani tena na mji mzima. Mkunga akiambiwa "mara 2.4" atadhani hatari imepanda kuliko ilivyopanda.

Aliibadilisha kuwa kohoti ya makabrasha: kadi za kliniki zitazamwe kwanza, mama wapangwe kwa wingi wa damu wa hudhurio la kwanza, ndipo daftari la wodi ya wazazi lifunguliwe. Lililobaki kumsumbua ni mama wanaoanza kliniki Moshi kisha wanakwenda kujifungulia kwao, Arusha au Babati, ambao hawatakuwepo kwenye daftari lile. Tulikubaliana awahesabu kwa kila kundi kabla ya kugusa uzito wa mtoto hata mmoja, na kama wenye upungufu wa damu wanaondoka zaidi ya wenzao, hilo liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo.